Pazia la Kijani Nyumbani: Mandhari Inapokatika Vibaya kwenye Mikutano ya Video

Malalamiko ninayoletewa mara nyingi na watu wa Mombasa wanaofanya kazi au kufundisha kwa video kutoka nyumbani yanafanana sana. Wamenunua kitambaa cha kijani, wamekitundika ukutani, wamechagua picha ya ofisi au ya maktaba iwe nyuma yao, kisha mabega yakaliwa, mabaka ya kijani yakabaki hewani, au nywele na kofia zikachezacheza kingoni. Karibu wote huanza kwa kuilaumu programu. Hata hivyo programu hufanya kazi moja tu: hutafuta rangi moja iliyo sawa kwenye picha na kuiondoa. Rangi hiyo isipokuwa sawa, hakuna kitelezi kitakachoirekebisha kikamilifu, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na kitambaa na taa, na kufika kwenye programu mwishoni.

Kabla ya kuangalia dalili yoyote, fanya jaribio moja. Keti mahali unapoketi siku zote, washa taa unazotumia, kisha mtu asimame ilipo kamera na kupiga picha ya pazia kwa simu. Ibadilishe picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Pazia likionekana kama ukuta mmoja wa kijivu, tatizo lako liko kwingine. Likionekana na upande mweupe na upande mweusi, au na michirizi, basi umekwisha kuliona tatizo kwa macho yako. Jicho letu hutudanganya kwenye rangi, kwa sababu ubongo husawazisha mwangaza bila kutuambia, lakini picha isiyo na rangi haifichi tofauti hiyo.

Dalili ya kwanza: mabaka ya pazia yanabaki, au kona hazikatiki

Sababu inayotokea zaidi ni mwangaza usiolingana. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyoenda mbali: umbali ukizidi mara mbili, mwangaza hubaki robo. Taa ikiwekwa nusu mita kutoka ukingo mmoja wa pazia, ukingo wa pili ulio mita mbili kutoka taani utapata takriban sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga unaopata ule wa kwanza. Programu ikiambiwa iondoe kijani cha upande wa mwanga, itakiona kijani cha upande wa giza kuwa rangi nyingine kabisa.

Dawa yake ni taa mbili zinazofanana, za wati sawa na za rangi moja ya mwanga, moja kila upande, zikiwa angalau mita moja kutoka kitambaani. Usielekeze kila taa kwenye upande wake. Taa ya kushoto ilenge ukingo wa kulia, na ya kulia ilenge ukingo wa kushoto, ili mianga miwili ipishane katikati na kila moja ifidie upungufu wa mwenzake. Jambo hili dogo limewaponya watu wengi kuliko mabadiliko yoyote ya programu niliyowahi kufanya. Kama chumba hakina nafasi hiyo, geuza taa zote mbili ziangalie dari nyeupe, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka darini hutawanyika wenyewe, ingawa utahitaji balbu zenye nguvu zaidi.

Sababu ya pili ni kitambaa kinachong'aa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Satini ya kijani inapendeza ikiwa imekunjwa dukani, lakini haifai hata kidogo kwa kazi hii. Kitambaa cha pamba kisicho na ung'avu huuvunja mwanga na kuurudisha pande zote ukiwa umechukua rangi ya kijani. Satini huurudisha sehemu ya mwanga kama kioo, na mwanga unaorudi hivyo hauwi wa kijani tena, bali hubaki na weupe wa taa. Kwa hiyo unapata baka jeupe katikati ya pazia, nalo halitakatika kamwe.

Ukienda Barabara ya Biashara kununua kitambaa, usikubali kukichagua kwa rangi peke yake. Mwombe muuzaji akufungulie mkono mmoja wa kitambaa, kisha washa tochi ya simu na ukiinamishe huku na huku. Ukiona doa jeupe linatembea juu yake, kiache. Baada ya hapo kiinue kuelekea mlango penye mwanga na uweke kiganja chako nyuma yake. Ukiweza kuhesabu vidole, ni chepesi mno, na ukutani kitaonyesha kila ufa na kila swichi. Pamba nzito iliyotiwa rangi hufaulu majaribio yote mawili. Kitambaa cha kufuma kinachonyumbuka, kile ambacho mafundi cherehani wengi hukiita likra, nacho hufaa sana ikiwa uso wake si wa kung'aa, kwa sababu ukikivuta mikunjo hutoweka bila pasi.

Kuhusu rangi yenyewe, tafuta kijani cha wazi na kikali, kama cha jani changa la mgomba lililopigwa na jua. Chanikiwiti iliyokolea kama ya sare za shule hunyonya mwanga mwingi na kukulazimisha uongeze taa. Feruzi nayo inaingia kwenye buluu na kuichanganya programu. Kijani kilichaguliwa kwa kazi hii kwa sababu ya jinsi kamera zinavyotengenezwa: katika kamera nyingi, vitundu vinavyopokea kijani ni vingi mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu, na kwa hiyo picha ya kijani huwa na chengachenga chache.

Kipimo nacho huwakwaza wengi. Kamera za kawaida za kompyuta huona upana mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiketi sentimita 70 kutoka kamerani na pazia likiwa mita 1.2 nyuma yako, kamera itahitaji pazia la upana wa takriban mita 2.4 na kimo cha karibu mita 1.4. Mtu hununua kitambaa cha upana wa inchi 60, yaani takriban mita moja na nusu, akakitundika kwa wima kama pazia la dirisha, kisha akashangaa kuona ukuta pande zote mbili. Nunua mita tatu za kitambaa hicho hicho na ukitundike kwa ubavu. Upana wa inchi 60 utakuwa kimo chake, na mita tatu zitaenda kutoka upande hadi upande bila mshono wowote.

Mikunjo ndiyo sababu ya tatu. Kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Piga pasi, kisha pitisha ufito kwenye pindo la juu na mwingine kwenye pindo la chini ili uzito ukivute kitambaa. Usikihifadhi kwa kukikunja, kizungushe kwenye ule ufito. Ikiwa kitambaa si cha pamba, tumia pasi ya joto la chini na ujaribu kwanza pembeni, kwa sababu vitambaa vya nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha ung'avu usiotoka.

Dalili ya pili: ukingo wa kijani mabegani, shavuni au kwenye kanzu

Hapa pazia limekatika vizuri, lakini mtu anaonekana kama aliyepakwa rangi pembeni. Mara nyingi sababu ni kuketi karibu mno na pazia. Kitambaa kilichomulikwa nacho hugeuka kuwa taa ya kijani inayokumulika kutoka nyuma. Ukisogea kutoka sentimita 50 hadi mita 1.2 au mita moja na nusu, mwanga huo hupungua sana, na kivuli chako nacho huacha kuangukia pazia.

Sababu inayofuata ni pazia lililomulikwa kupita kiasi. Watu hudhani kwamba mwanga ukizidi ndivyo rangi inavyokatika vyema, ilhali mwangaza wa pazia unapaswa kulingana na ule wa uso wako au kuwa pungufu kidogo. Pazia likiwa angavu kuliko uso, punguza taa zake au zisogeze mbali kabla ya kugusa kitu kingine.

Kanzu nyeupe na mitandio myeupe hupokea kijani hiki upesi kuliko mavazi mengine, na uso wenye jasho vilevile, jambo ambalo si dogo katika hewa yetu yenye unyevu. Poda kidogo puani na kwenye paji la uso hupunguza mng'ao. Ukitaka kuendelea kuvaa nyeupe, ongeza taa ya tatu yenye mwanga mweupe, ndogo, nyuma yako pembeni na juu ya kichwa, ikimulika mabega nje ya upeo wa kamera. Mwanga wake utaushinda ule wa kijani.

Baada ya hayo yote ndipo programu ina la kusaidia. Katika OBS, programu ya kompyuta ya kurekodi na kurusha video, kichujio cha `Chroma Key` kina kitelezi cha `Key Color Spill Reduction` kinachopunguza kijani kilichobaki kwenye ngozi na nguo. Kipandishe kidogo kidogo huku ukitazama rangi ya uso, kwa maana kikizidi uso huanza kuonekana wa waridi au wa kijivu.

Dalili ya tatu: mwili au nguo zinatoboka

Chunguza mavazi kwanza. Leso yenye maua ya kijani, mtandio wa rangi ya majani, hata lebo ya kijani kwenye chupa ya maji iliyo mbele yako, vyote vitatoweka pamoja na pazia. Mtu ambaye sare yake ya kazi ni ya kijani atumie pazia la buluu iliyo wazi, mradi akubali kwamba litahitaji mwanga zaidi.

Buibui jeusi la kitambaa kinachong'aa hutoboka kwa sababu nyingine: mikunjo ya mikono huakisi pazia kama maji. Kusogea mbele husaidia, na kitambaa kisichong'aa husaidia zaidi. Miwani nayo huakisi pazia pale tu mkao wa uso unaporuhusu, kwa hiyo inamisha vioo vyake kidogo kuelekea chini.

Mavazi yakiwa salama na bado kuna matundu, basi huenda kitelezi cha `Similarity` katika OBS, kinachoamua rangi zinazokaribiana na ya pazia ziondolewe kwa kiasi gani, kimepandishwa sana ili kufidia pazia lenye mabaka. Kirudishe chini hadi mwili ukamilike, kisha uyatibu mabaka kwa taa kama ilivyoelezwa juu. Katika Zoom, hakikisha umeweka alama kwenye `I have a green screen`, kisha bofya kiboksi cha rangi kilicho kando yake na uichague rangi kwa kubofya pazia karibu na bega lako, si kwenye kona. Sehemu iliyo karibu na mwili ndiyo inayohitaji kukatwa kwa uangalifu zaidi.

Dalili ya nne: kingo zinatetemeka, au pazia lote linapepesa

Tofautisha aina mbili za mtetemo. Kukiwa na chengachenga ndogondogo zinazochemka kingoni mwa nywele, kamera haina mwanga wa kutosha na inajiongezea nguvu yenyewe. Ongeza mwanga usoni na kwenye pazia, na uzime chaguo la Zoom liitwalo `Adjust for low light`, ambalo huikuza picha ya giza na kubadilisha rangi za pazia pamoja nayo.

Kukiwa na mistari ya giza inayopanda au kushuka kwenye picha, sababu ni umeme. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwenye Windows, fungua `Configure Video` ndani ya OBS, utafute `PowerLine Frequency` na uchague `50 Hz`. Nimekuta kamera nyingi zimewekwa `60 Hz`, ambayo ni ya nchi nyingine. Mistari ikibaki, badilisha balbu.

Usisahau pangaboi. Linapozunguka chini ya taa ya darini, mabawa yake hukata mwanga na kuleta kupepesa ambako hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kukuondoa. Vilevile hupeperusha kitambaa. Sisemi ulizime, kwani hakuna anayeweza kufundisha saa mbili bila upepo mwezi wa Februari. Zima taa ya darini badala yake, tumia taa za pembeni, na ufunge ncha za chini za pazia kwa vibanio.

Dalili ya tano: asubuhi ni safi, mchana ni vurugu

Tatizo hili nitalieleza kwa kisa, kwa kuwa ndilo linalochanganya watu zaidi. Mwalimu mmoja wa Tudor anafundisha Kiswahili kwa wanafunzi walio nje ya nchi. Chumba chake ni mita tatu kwa tatu na nusu, na dirisha liko upande wa kushoto wa pazia. Vipindi vya saa mbili asubuhi vilienda vizuri. Kufikia saa nane mchana, upande wa kushoto wa pazia ulikuwa unabaki, na kila wingu lilipopita, bega lake la kulia lilipotea kisha likarudi.

"Nimebadilisha kompyuta nzima kwa ajili ya jambo hili," aliniambia, nami nilisikitika, kwa sababu kompyuta haikuwa na kosa.

Tulipopiga picha ya jaribio na kuitoa rangi, theluthi ya kushoto ilikuwa karibu nyeupe. Mambo matatu yalikuwa yakitokea kwa pamoja. Jua la mchana liliingia dirishani na kuongeza mwanga upande mmoja. Kamera, ikiwa imeachwa ijipangie mwangaza, iliipunguza picha yote kufidia dirisha, na wingu lilipofunika jua ikaipandisha tena. Zaidi ya hayo, balbu zake mbili zilikuwa za mwanga wa manjano ilhali wa dirishani ulikuwa wa kibuluu, kwa hiyo pazia moja lilikuwa na kijani cha aina mbili.

Tulilifunika dirisha kwa kitambaa kizito, akapoteza mwanga wa bure lakini akapata mwanga usiobadilika. Tukabadilisha balbu zote ziwe za LED zilizoandikwa `6500K` kwenye kasha, yaani za mwanga mweupe kama wa mchana, mbili za pazia na moja ya uso, ya uso ikiwa mbele yake pembeni, juu kidogo ya macho. Kiti kilikuwa sentimita 60 kutoka pazia; tukakisogeza hadi mita 1.3. Mwisho tukafungua `Configure Video` na kuondoa alama ya `Auto` kwenye `Exposure` na kwenye `White Balance`, taa zote zikiwa zimewashwa, ili kamera isibadilishe tena chochote katikati ya kipindi. Mpangilio huo hurudi wenyewe wakati mwingine kompyuta inapozimwa, kwa hiyo ameandika tarakimu zake kwenye karatasi iliyobandikwa mezani.

Kulibaki kasoro moja tu: nyuzi za mtandio wa lasi kingoni zilikuwa hazikatiki safi. Hapo hatukuendelea. Picha ya mikutano ya video hubanwa, na taarifa za rangi ndizo hupunguzwa zaidi, hivyo nyuzi nyembamba namna hiyo hazina rangi ya kutosha kutenganishwa na pazia. Alibadilisha mtandio.

Mahali pa kusimama na kumwita fundi

Kazi ya kitambaa ni yako, ila kazi ya umeme uliofichwa ukutani si yako. Soketi ikipata joto mkononi, plagi ikitoa harufu ya kuungua au kuwa na weusi, fyuzi ikianguka kila unapowasha taa ya tatu, au ukihisi mtetemo kidoleni unaposhika kibanio cha chuma cha taa, zima swichi kuu na usiwashe tena kwa kujaribu. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Nyumba nyingi za Mji wa Kale na za mitaa ya zamani zimeongezewa nyaya mara kadhaa kwa miaka mingi, na huwezi kujua kwa kutazama ukuta ni wapi waya umepita. Kwa sababu hiyo hiyo usitoboe ukuta juu au chini ya swichi. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, kwa vyovyote vile, hubomoka na kuachia msumari, na fremu ya mabomba ya plastiki iliyosimama sakafuni hubeba pazia vizuri zaidi.

Usitumie taa za halojeni za wati 500 zinazouzwa kwa ajili ya ujenzi. Huwa moto kiasi cha kuchoma kitambaa kilicho karibu, na katika chumba kilichofungwa dirisha joto lake halivumiliki. Usifunike balbu yoyote kwa kitambaa ili kulainisha mwanga. Kitambaa cheupe kitundikwe mbele ya taa, si juu yake, kikiwa mbali nayo kiasi kwamba ukiweka mkono hapo kilipo, husikii joto.

Na ikiwa tatizo ni kamera inayojizima pale tu taa zinapowashwa, angalia kwanza kama kompyuta na taa zimechomekwa kwenye kebo moja ya kurefusha. Zitenganishe kwenye soketi mbili za ukutani. Ikiendelea kuzima, hilo ni la fundi wa kompyuta; mpelekee kamera pamoja na waya wake, kwa kuwa mara nyingi waya ndio mbovu.